Aliyefukuzwa Asilale Msikitini

Maalim Feruzi alirudi Likasi, mji wa shaba, akitoka Khartoum, alikokaa miaka mingi akisoma elimu ambayo ndugu zake hawakuweza hata kuitaja. Wakamuuliza kama amesomea udaktari. Hapana. Sheria? Kidogo. Basi amesoma nini muda wote huo? Akawaambia amesoma ila za hadithi, yaani kasoro zinazojificha ndani ya habari ambayo kwa nje haina doa lolote. Shangazi yake akataka kujua kama elimu hiyo inaponya kifafa.

Alipanga nyumba mtaa wa Kikula, akafundisha Kurani watoto wa jirani, na jioni mkewe aliuza makaa mlangoni. Watu waliomjia walitaka hirizi ya kurudishiwa kazi, kwa kuwa kampuni ya shaba ilikuwa inakufa, mishahara haifiki, na viwanda vya mtaa wa Shituru vilikuwa vikizimwa kimoja baada ya kingine. Feruzi hakuwa na hirizi. Walioondoka mikono mitupu walisema msomi huyu ni mzigo.

Mtu mmoja tu alimwelewa, naye ni Shehe Radjabu, mwanzilishi wa msikiti mdogo wa Shituru. Alikuwa mzee mwenye asili ya Kasongo, na kila alichofundisha alikianza kwa maneno yaleyale: "Mwalimu wangu wa Kasongo aliniambia." Walikaa pamoja barazani wakibishana juu ya wapokezi wa hadithi waliokufa zaidi ya miaka elfu iliyopita, huku wakinywa chai isiyo na sukari. Kisha mzee akaugua, na mwezi wa kumi mwaka 1992 akafariki.

Aliacha mji ukiwa vibaya. Tangu mwezi wa nane vijana waliojiita wenyeji walikuwa wakipita nyumba hadi nyumba kuwatoa watu wenye asili ya Kasai, hata wale ambao babu zao ndio waliokuja kuchimba shaba, wakazaliwa na kuzikwa hapahapa. Waliofukuzwa walijazana kituo cha treni wakingojea mabehewa ya kuwapeleka kwao, kwa wengi wao mahali ambapo hawajawahi kukanyaga. Mvua zilipoanza, walikuwa bado wako pale chini ya maturubai.

Miongoni mwao alikuwa Firmin, fundi wa mitambo, Mluba wa Kasai aliyesilimu ujanani. Huyu ndiye aliyekuwa akiadhini msikitini kwa Shehe Radjabu. Alivumilia nyumbani kwake hadi Desemba, ndipo wakaja wakamvunjia mlango. Alitoka na mkewe Marceline, mjamzito wa miezi ya mwisho, na watoto wawili na godoro. Hawakwenda kituoni. Walikwenda moja kwa moja msikitini, wakakaa kwenye baraza, wakangoja wafunguliwe.

Hawakufunguliwa.

Feruzi alipata habari hiyo siku ya Ijumaa, alipokwenda kuswali Shituru. Aliwakuta Firmin na Marceline wamesimama nje ya ua, mvua ikiwanyeshea. Ndani, Imamu Sefu, kijana aliyeshika nafasi ya marehemu, alikuwa mimbarini akisema kwa sauti ya kujiamini:

"Ametusimulia Mzee Hilaire, kutoka kwa Shehe Radjabu, kutoka kwa mwalimu wake wa Kasongo, kwamba alisema: aliyefukuzwa mjini asilale msikitini, kwa sababu moto unaomfuata utaunguza nyumba ya Mungu."

Watu waliitikia kwa vichwa. Baada ya swala, Feruzi alimfuata Adrien, mwenyekiti wa kamati ya msikiti, mfanyabiashara wa samaki wakavu, mtu mpole asiyependa kelele.

"Firmin yuko nje," Feruzi alimwambia. "Mke wake anakaribia kuzaa."

"Najua, Maalim. Na minye roho inaniuma. Lakini tutafanya aje? Shehe mwenyewe alikataza. Na aliyesikia ni Papa Hilaire. Weye unajua Papa Hilaire. Ule muntu hajasema bongo hata siku moja."

Hilo lilikuwa kweli; uongo haukuwahi kutoka kinywani mwake. Mzee Hilaire alikuwa mstaafu wa tanuri la shaba, mshika funguo za msikiti, mtu ambaye watu walimpa amana bila shahidi. Kama ungetafuta ulimi safi Shituru nzima ungeishia kwake. Na hapo ndipo Feruzi alipokumbuka jambo alilolijua tangu masomoni. Habari ya mwongo haimsumbui mtu, inatupwa. Habari ya mtu mkweli, iliyopokewa na watu wakweli, ndiyo inayopita mlangoni bila kukaguliwa.

"Maneno haya hayafanani na Shehe Radjabu," alisema.

"Kufanana si ushahidi," Adrien alijibu.

Angekuwa yeye, Feruzi angesema vilevile. Alitoka nje akamwambia Firmin avumilie, atatafuta ukweli wa maneno yale.

Firmin alimtazama kama mtu asiyesikia vizuri. "Maneno? Maalim, bibi yangu iko na homa." Akabeba godoro lililolowa, wakaenda kituoni na wenzao.

*

Mwalimu wa Feruzi kule Khartoum alikuwa na desturi moja. Mwanafunzi akimletea hadithi na kuuliza kama ni sahihi, hakumjibu. Alimwambia: leta njia zake zote, yaani kila mnyororo wa wapokezi ulioileta. Njia moja, hata iwe nzuri vipi, haikuonyeshi kosa lake, kwa sababu haina cha kupimwa nacho. Zikusanye zote, tazama zinakutana kwa nani, kisha tazama kila aliyepokea kwa mtu huyo amesemaje. Anayeafikiana na wenzake ni nani? Nani amesimama peke yake? Nani amekaa na mwalimu muda mrefu, na nani alipita tu? Kosa litajitokeza lenyewe katika tofauti zao.

Basi Feruzi alianza kutembea. Alianza na Imamu Sefu.

"Ulisikia kwa Mzee Hilaire mwenyewe?"

"Kwa kinywa chake."

"Alikutajia mwalimu wa Kasongo?"

Sefu alisita. "Shehe alikuwa anapokea kwa nani mwingine? Kila kitu chake kilitoka Kasongo."

"Sikuulizi hilo. Mzee Hilaire alimtaja?"

"Inajulikana, Maalim."

Akaenda kwa Adrien, ambaye naye alisikia kwa Hilaire. Adrien alisimulia kifupi: Shehe alisema aliyefukuzwa mjini asilale msikitini. Basi. Hakuna Kasongo, hakuna moto. Akaenda kwa Yannick, fundi wa baiskeli aliyeswali safu ya kwanza. Naye pia alisikia kwa Hilaire, na maneno yake yalikuwa sawasawa na ya Adrien. Feruzi alimuuliza habari ya moto.

"Moto? Ile ilisemwa na Imamu," Yannick alijibu. "Siku ya kwanza alisema, 'maana ya maneno haya ni kwamba moto utawafuata.' Alikuwa anafasiri."

Feruzi alirudi Kikula kwa miguu, viatu vimejaa tope jekundu, akichemka. Watu wote wa Shituru waliamini kwamba habari hii imepokewa na watu wengi. Haikupokewa na wengi. Ilipokewa na Hilaire peke yake, na wengi walikuwa matawi yake. Juu ya hayo Sefu alikuwa amefanya makosa mawili ambayo wahakiki wa Basra na Baghdad waliyajua vizuri tangu zamani. Aliingiza ufafanuzi wake ndani ya maneno ya aliyesimulia, hata mshono usionekane. Kisha alipandisha habari kwa mtu wa juu zaidi, kwa sababu ulimi wake ulifuata njia iliyozoeleka. Radjabu kutoka kwa mwalimu wa Kasongo: ilikuwa barabara iliyokanyagwa kila siku, na ulimi ukichoka hushika barabara hiyo wenyewe.

Lakini hata baada ya kuondoa moto na Kasongo, kiini kilibaki. Hilaire alisema amemsikia Radjabu. Na Hilaire ni mkweli.

Jumapili alimwendea. Mzee alikuwa anatengeneza paa lake, akashuka ngazini kwa heshima, akamkaribisha kiti.

"Ulimsikia Shehe siku gani, Papa Hilaire?"

"Wiki ya mwisho. Nilimupelekea dawa. Alikuwa amelala, sauti kidogo-kidogo. Alisema aliyefukuzwa asilale mu musikiti."

"Na baada ya hapo?"

"Alishikwa na kikohozi. Kikohozi kibaya. Minye nikatoka inje, sikupenda kumuangalia vile."

"Kabla ya maneno hayo alisema nini?"

Mzee alikunja uso. "Sikumbuke. Minye nilikumbuka ile ya maana." Kisha akaweka nyundo chini. "Maalim, weye unanifuata kama polisi. Unawaza minye niko muntu wa bongo?"

"Hapana, baba."

"Basi unatafuta nini?"

Feruzi alitaka kumweleza. Utamwambiaje mtu aliyelinda ulimi wake miaka sabini kwamba ukweli wake haumlindi na kosa? Alishukuru akasimama. Alipofika uani, Philomène, binti wa mzee, aliyekuwa anatwanga majani ya sombe, alimwita kwa sauti ya chini.

"Maalim, kwa nini watu wanasema ni Shehe ndiye alikataza?"

Feruzi alisimama kama aliyegongwa. "Wewe ulisikia nini?"

"Ile siku Baba alirudia nyumbani na machozi. Alisema: Shehe iko anakufa na wanamusumbua. Shefu wa mutaa alikuja kumuambia aliyefukuzwa asilale mu musikiti. Ni vile Baba alisema. Shehe alikuwa anasimulia maneno ya shefu."

"Alikuambia siku ileile?"

"Mangaribi ile ile. Nguo ilikuwa ingali na harufu ya dawa."

Feruzi akaanza kuhesabu upya. Hii ilikuwa njia nyingine ya Hilaire huyohuyo, ya kwanza kabisa, kabla habari haijasimuliwa na kusimuliwa tena. Yannick alisikia wiki mbili baada ya mazishi. Adrien na Sefu baadaye zaidi. Katika ile ya mwanzo kulikuwa na shefu wa mtaa, mkuu aliyewekwa na serikali. Katika zile za baadaye shefu ameanguka njiani.

Na aliona ameangukaje. Mgonjwa mwenye kikohozi hangetumia maneno mengi. Angesema tu, "Kasema aliyefukuzwa asilale msikitini." Kasema nani? Kiswahili hakikulazimishi kumtaja. Siku ile Hilaire alijua ni shefu, labda kwa sababu alimwona akitoka mlangoni. Siku zilipopita mlango ukasahaulika, neno "kasema" likadondoka kama mbegu ya papai, na kilichobaki kikavaa sauti ya Shehe.

*

Bado haikutosha. Philomène alikuwa mmoja dhidi ya watatu, na Feruzi alijua kamati ingesema hivyo kabla hajafungua mdomo. Alihitaji njia isiyopita kwa Hilaire hata kidogo. Alihitaji mtu mwingine aliyekuwa chumbani.

Alikuwepo, na hakuna aliyemuuliza. Mama Mwadjuma, mjane wa Shehe, alikuwa ndani ya eda. Wanaume wa msikiti hawakukaribia nyumba yake kwa heshima, na wanawake waliompelekea chakula waliona si vizuri kumletea mjane fujo za mji. Watu walikuwa wakibishana kuhusu kauli ya mumewe mita chache kutoka dirishani kwake, naye hajui.

Feruzi alimchukua Philomène ili asiingie peke yake. Alikaa sebuleni, mjane akiwa nyuma ya pazia.

"Mama, nisamehe. Nina swali moja. Siku Mzee Hilaire alipoleta dawa, nani mwingine alikuja?"

Alikuwa mwangalifu asimpe jibu ndani ya swali. Hakumtajia shefu, msikiti wala waliofukuzwa.

"Yule shefu wa mtaa!" Sauti ya Mwadjuma ilipanda. "Alikuja na viatu vyake hadi mkekani. Akasema, hawa waliofukuzwa msiwalaze msikitini, vijana watakuja. Akatoka. Mzee Hilaire akaingia, na mume wangu akamsimulia."

"Akamsimulia vipi?"

"Kasema aliyefukuzwa asilale msikitini. Halafu kikohozi kikamshika, Hilaire akatoka analia. Kilipotulia mume wangu akaniuliza, Hilaire yuko wapi? Nikasema ameondoka. Akasema, mwambie asifunge mlango. Msikiti una mlango mmoja, na mlango huo si wa shefu."

"Ulimwambia?"

Mwadjuma alisogea kwenye mkeka. Kisha pazia likatikisika kidogo. "Alikufa siku ya tatu yake. Nilisahau kila kitu, mwanangu. Hata kula nilisahau."

Philomène alikuwa analia. Feruzi alijawa na hasira, na hakuwa na wa kumkasirikia. Sefu alipamba. Hilaire alisahau neno moja. Mwadjuma alifiwa. Hakuna aliyedanganya, na mwanamke mjamzito alikuwa amelala kwenye matope.

*

Kamati ilikutana kesho yake baada ya alasiri. Feruzi alisimama mbele yao akaanza kueleza, na tangu maneno ya kwanza aliona nyuso zikijifunga.

"Unasema Papa Hilaire amedanganya," Adrien alisema.

"Sijasema hivyo. Angekuwa mwongo, msingenihitaji."

"Wapokezi ni wazuri," Sefu alisema. "Wote ni waaminifu. Na mnyororo umeunganika. Unataka nini zaidi?"

"Nataka zile njia zingine." Feruzi alishusha pumzi. "Sikilizeni. Palikuwa na mtu wa Madina, Suheil. Kwa kawaida alipokea kwa baba yake, na baba yake kwa Abu Huraira, naye kwa Mtume. Ikaja habari ya dua ya kuinuka barazani kwa njia hiyohiyo. Kila jina humo ni la mtu mwaminifu. Ukiitazama peke yake utaapa ni sahihi. Lakini wahakiki wakubwa walikusanya njia, wakamkuta mwanafunzi mwingine wa Suheil, Wuhaib, aliyemjua Suheil vizuri zaidi. Yeye anasema Suheil aliipokea kwa mtu anayeitwa Aun, tena kama maneno ya Aun mwenyewe. Haikufika kwa Mtume kwa njia hiyo."

"Kwa nini wamwamini Wuhaib?" Yannick aliuliza. Alikuwa ameinama mbele. Huyu angalau alisikiliza.

"Kwa mambo matatu. Wuhaib alikuwa imara zaidi katika habari za Suheil. Yule mwanafunzi wa kwanza, aliyeileta kwa njia ya baba yake Suheil, haijulikani kama alimsikia Suheil uso kwa uso. Na la tatu: Suheil kutoka kwa baba yake ni njia iliyozoeleka. Mtu akikosea huangukia njia anayoijua. Hawezi kukosea akaangukia jina la Aun, ambalo hakuna aliyelitarajia. Aliyelitaja amelikumbuka."

"Kwa hiyo dua ile ni batili?" Sefu aliuliza kwa haraka.

"Dua ni nzuri na ina njia nyingine. Nasema njia hii ina ila. Sasa rudini kwetu. Kasongo ni njia iliyozoeleka. Shehe Radjabu pia ni njia iliyozoeleka. Nani hapa hasemi 'Shehe alisema'? Lakini shefu wa mtaa? Philomène angemtoa wapi shefu wa mtaa, kama baba yake hakumtaja? Na Mama Mwadjuma, ambaye hakuwa amezungumza na Philomène wala na Papa Hilaire tangu mazishi, amemtaja shefu huyohuyo kwa kinywa chake, kabla hajajua ninachotafuta. Njia mbili zisizokutana zimeleta jina lilelile. Na ile ya Papa Hilaire ya siku ya kwanza inaishinda ile ya Papa Hilaire ya leo."

Mzee Hilaire alikuwa amekaa karibu na nguzo, mikono juu ya magoti. Kila mtu alimgeukia.

"Philomène alisema hivi?" aliuliza.

"Ndiyo, baba."

"Mumuite."

Philomène aliitwa, akasimama kizingitini na kurudia alichosikia, bila kuongeza wala kupunguza. Baba yake alimsikiliza huku ametazama sakafu. Alipomaliza, mzee aliinua macho kwa binti yake.

"Minye sikumbuke kumuambia," alisema. "Nimetafuta mu kichwa, hakuna kintu. Lakini huyu mutoto haongezi maneno. Kama amesema nilimuambia, basi nilimuambia." Akapangusa uso kwa kiganja. "Minye ndiye nilifunga mulango wa Mungu. Kwa maneno ya shefu."

"Hapana, baba, ulisahau neno moja tu," Feruzi alianza, lakini mzee aliinua mkono kumnyamazisha.

Feruzi alimgeukia Adrien. Alidhani kazi imekwisha. Habari imeanguka, sasa mlango utafunguliwa.

Adrien alivua kofia, akaigeuzageuza. "Maalim, umeeleza vizuri. Lakini sikiliza. Hata kama Shehe hakukataza, vijana wapo. Watakuja na petroli. Minye niko na watoto."

"Kwa hiyo sababu haikuwa maneno ya Shehe."

"Yalitusaidia," Adrien alisema kwa unyofu. "Yalitusaidia kulala."

Alitaka kupiga kelele. Siku zote zile kwenye tope, akipima neno kwa neno, alidhani anaondoa kizuizi. Kumbe kizuizi kilikuwa kimejificha nyuma ya habari kama vile ila inavyojificha nyuma ya majina mazuri, na hakuna hesabu ya njia inayoweza kuondoa woga. Sefu akaanza kupendekeza jambo lisubiri hadi Ijumaa.

Mzee Hilaire alisimama. Alitoa funguo mfukoni, akaenda kwenye mlango, ambao tangu Desemba ulifungwa kila baada ya swala, akaufungua mbawa zote mbili. Kisha akaketi kwenye kizingiti.

"Watakaokuja na petroli watanikuta minye," alisema.

Hakuna aliyemfuata kuketi. Lakini pia hakuna aliyethubutu kumwondoa.

*

Feruzi alikimbia kituoni. Alimkuta Firmin kwenye foleni iliyozunguka jengo, amekalia furushi. Treni ilikuwa imetangazwa. Ilikuwa imetangazwa mara nyingi. Marceline alikuwa amelala chini ya kipande cha bati, macho yamezama.

"Msikiti uko wazi," Feruzi alisema akihema. "Nimethibitisha. Shehe hakusema vile. Yalikuwa maneno ya shefu, Papa Hilaire alisahau..."

Firmin alimsikiliza hadi mwisho. Alikuwa amekonda shingo.

"Maalim," alisema, "minye niliita watu kuswali pale miaka kenda. Mulinijua. Mulihitaji hadithi ili munifungulie?"

"Waliihitaji ili wasikufungulie."

"Na weye? Ulinikuta mu mvua. Ukaniambia unaenda kutafuta maneno."

Feruzi alifungua mdomo. Angeweza kusema kwamba nyumba yake ni chumba kimoja Kikula, kwamba mkewe na watoto wanalala mguu kwa kichwa. Ilikuwa kweli yote. Hakuisema.

"Siachi nafasi yangu," Firmin aliendelea. "Treni ikija na sipo, nitangoja mwezi mwingine. Aksanti, lakini hapana."

Marceline alijiinua kwa kiwiko. "Weye ubakie na nafasi yako," alimwambia mumewe. "Minye nalala penye paa. Sitazalia mu tope kwa sababu ya hasira yako." Akamnyooshea Feruzi mkono ili amwinue.

Walitembea polepole, Feruzi amebeba mtoto mdogo, mkubwa akishika gauni la mama yake. Wanawake wengine wa kituoni waliona, wakauliza, wakafuata. Walipofika Shituru walikuwa kundi. Mzee Hilaire alisogea kizingitini kuwapisha, akamwambia Philomène alete maji ya moto. Marceline alijifungua msikitini humo wiki ileile, mtoto wa kike, mzima. Vijana hawakuja. Labda hawakujua, labda walichoka. Hakuna aliyejua, na Adrien alikonda kwa kungojea.

Firmin alifika mara moja kumwona mtoto. Alisimama nje ya kizingiti, wakamtolea mtoto akambeba, akarudi kituoni. Mwezi wa pili treni ilikuja kweli. Marceline na watoto walipanda naye, katika behewa la mizigo lenye watu hadi juu ya paa. Feruzi alikwenda kuwaaga, lakini umati ulikuwa mkubwa na hakuwaona.

Baada ya Pasaka ya majirani Wakristo alikwenda Kambove, mji wa jirani, kumzika ndugu. Kwenye matanga mtu asiyemjua alieleza kwa nini msikiti wa kwao hauwapokei waliofukuzwa. Alitaja mnyororo wote: Imamu Sefu, kutoka kwa Mzee Hilaire, kutoka kwa Shehe Radjabu, kutoka kwa mwalimu wa Kasongo. Moto ulikuwemo. Feruzi alianza kueleza. Alipofika kwa Wuhaib, watu walikuwa wameanza kuzungumza mambo mengine.

Sefu aliendelea kuhubiri kila Ijumaa na kupamba alivyopenda. Aliyenyamaza ni Mzee Hilaire. Hakusimulia tena chochote kutoka kwa Shehe Radjabu, wala kisa cha kuchekesha, wala dua ya safari, wala namna Shehe alivyojenga ukuta wa kwanza kwa matofali ya kuokota. Feruzi alimwendea mara nyingi, akamweleza kwamba wahakiki hawakumtupa mtu mkweli kwa kosa moja, kwamba walilitoa kosa lile na kuyashika mengine yote, kwamba mambo ya Shehe yatapotea asipoyasema.

Mzee alimsikiliza kila mara kwa adabu, akamkaribisha kiti, akamletea karanga.

"Uliza Mwadjuma," alisema, na kurudi kwenye paa lake.